Diski ya nje imegoma kwenye megabaiti 40: ubadili waya, tundu au diski yenyewe?

Dada mmoja anayepiga video za harusi alinijia Jumatatu asubuhi na laptopu begani na diski mpya ya SSD mkononi. "Kaka, nimeuziwa feki," aliniambia kabla hata hajakaa. Boksi la diski limeandikwa megabaiti 1050 kwa sekunde. Harusi ya Jumamosi ilikuwa na gigabaiti 120 za video, na kuzitoa kwenye laptopu kuzipeleka kwenye diski kulimla karibu saa nzima. Alikuwa ameshaamua kuirudisha dukani na kuongeza hela achukue ya bei kubwa zaidi.

Nikamwomba anakili faili moja kubwa nikiwa naangalia. Kidirisha cha Windows kikafunguka, kile chenye grafu ya kijani tunachokijua sote, mstari ukapanda mpaka megabaiti 39 kwa sekunde, ukalala hapo. Dakika moja, mbili, tatu, uko palepale. Haupandi, haushuki. Nikamwambia asirudishe kitu chochote, kwa sababu diski yake ni nzima.

Namba hiyo ndiyo iliyosema. USB 2.0, iliyotoka mwaka 2000, ina kasi ya megabiti 480 kwa sekunde. Biti 8 ni baiti 1, kwa hiyo kwa hesabu ya kitabuni ni megabaiti 60, lakini sehemu kubwa inaliwa na mawasiliano ya kupanga zamu kati ya kompyuta na kifaa. Kinachomfikia mtumiaji ni kati ya megabaiti 35 na 43. Ukiona diski ya kisasa imetulia ndani ya pengo hilo bila kuyumba, ujue inazungumza lugha ya mwaka 2000, na mara nyingi sana anayeilazimisha ni waya au tundu.

Kinachowachanganya watu ni kwamba hakuna kinachoharibika. Tundu la USB ya kisasa lina njia mbili ndani yake: nyuzi za zamani za USB 2.0, na pembeni yake nyuzi za ziada zilizoletwa na USB 3.0 mwaka 2008. Ukichomeka diski, kompyuta na diski hujaribu kuitana kwenye nyuzi mpya. Zisipoitikiana, labda kwa sababu waya hauna nyuzi hizo kabisa, basi hurudi kwenye nyuzi za zamani na kazi inaendelea. Diski inafunguka, mafaili yanaonekana, hakuna ujumbe wa kosa. Mtu anaona tu saa zinakwenda.

Kabla ya kulinganisha nini ununue, tenganisha kwanza ugonjwa huu na mwingine unaofanana nao. SSD za bei nafuu nyingi zina eneo dogo la kasi ambalo hupokea data kwanza. Likijaa, kasi inaporomoka, pengine kutoka megabaiti 900 hadi 100 au chini ya hapo. Hilo ni tatizo la diski, na waya wowote hautalitibu. Utalijua kwa umbo lake: huanza juu kwa sekunde au dakika kadhaa, kisha huanguka. Mafaili madogo maelfu kwa maelfu, kama folda ya picha za simu, nayo huleta kasi inayorukaruka juu na chini hata kwenye waya bora. Tatizo la USB 2.0 halina mbwembwe hizo. Hufika karibu 40 na kuganda.

Pima kwa kusoma, yaani nakili faili moja la gigabaiti kadhaa kutoka kwenye diski kwenda kwenye kompyuta. Ukipima kwa kuandika, mfumo huweza kulipokea faili kwenye RAM kwanza na kukuonyesha kasi ya uongo sekunde za mwanzo. Na lisiwe faili ulilolinakili dakika moja iliyopita, maana linaweza kuwa bado limo kwenye RAM na likasomwa kutoka huko.

Ukitaka ushahidi wa maandishi, Linux inautoa kwa amri moja:

```
lsusb -t
```

Diski iliyokwama itaonekana hivi:

```
/:  Bus 01.Port 1: Dev 1, Class=root_hub, Driver=xhci_hcd/12p, 480M
    |__ Port 3: Dev 7, If 0, Class=Mass Storage, Driver=uas, 480M
```

Tazama mwisho wa mstari wa `Mass Storage`. Ikiwa ni `480M` umekwama, `5000M` ni gigabiti 5, `10000M` ni gigabiti 10. Kwenye Mac, fungua `System Information`, nenda sehemu ya `USB`, ubofye jina la diski, na usome kasi iliyoandikwa pale: `Up to 480 Mb/s` ndiyo dalili mbaya. Kwenye Windows mimi hutumia programu ya bure iitwayo USB Device Tree Viewer, inayoonyesha kila kifaa na kasi ambayo kimekubaliana na kompyuta. Hapo kuna neno moja limewapoteza wengi: `High-Speed`. Anayelisoma anadhani ni habari njema. Katika msamiati wa USB, hilo ndilo jina rasmi la megabiti 480 za mwaka 2000. Unalolitaka ni `SuperSpeed`. Basi hata boksi la waya likiandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni "Hi-Speed USB", limekuambia ukweli, na ukweli wenyewe ni kwamba waya huo haukufai.

Turudi kwa dada yetu. Nilimuuliza waya uliokuja na diski uko wapi. "Ule mfupi? Upo ndani ya boksi. Haufiki mezani, natumia wa chaja." Akanionyesha: waya mnene wenye kichwa cha USB-C pande zote mbili, yaani C kwa C, wa mita moja na nusu, umesukwa kwa kitambaa, mzuri kwa macho. Tukaanza kubadilisha kitu kimoja kimoja. Hili ni la lazima, kwa sababu ukibadilisha waya na tundu kwa pamoja kasi ikapanda, hutajua ni kipi kilichokuponya, na kesho utanunua kisichohitajika.

Kwanza tundu lilelile, lakini waya mfupi wa kwenye boksi. Kutoka 39 tukaruka mpaka 430. Halafu waya uleule mfupi, tukahamia tundu la pili la C upande wa kushoto wa laptopu. Ikafika 940. Kumbe alikuwa na matatizo mawili yaliyopandana: waya uliokuwa ukimtupa kwenye USB 2.0, na chini yake tundu linaloishia gigabiti 5 wakati la jirani yake linafika 10. Kwa gigabaiti zake 120, tofauti ni hii:

| Njia | Kasi halisi (megabaiti kwa sekunde) | Muda wa gigabaiti 120 |
|---|---|---|
| SSD, waya wa chaja (USB 2.0) | 40 | dakika 50 |
| Diski ya kuzunguka, waya sahihi | 120 | dakika 17 |
| SSD, gigabiti 5 | 420 | dakika 5 |
| SSD, gigabiti 10 | 950 | dakika 2 |

Itazame vizuri, kwa sababu uamuzi wote umo humo. Kutoka mstari wa kwanza hadi wa tatu unaokoa dakika 45. Kutoka wa tatu hadi wa nne unaokoa dakika 3. Hatua ya kwanza inapatikana kwa waya peke yake, ambao bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya diski. Ndiyo maana msimamo wangu ni kwamba shilingi ya kwanza iende kwenye waya, na anayekwambia ununue diski nyingine kabla hajapima, usimsikilize.

Sasa nyaya zenyewe.

Waya wa kuchajia dhidi ya waya wa data. Hizi mbili kwa nje zinaweza kuwa mapacha. Tundu la C lina pini 24, lakini mtengenezaji wa waya wa kuchajia halazimiki kuzitumia zote. Huweka nyuzi za umeme, jozi moja ya data ya USB 2.0, nyuzi moja mbili za kujitambulisha, basi. Anaokoa shaba, waya unakuwa laini, unakunjika vizuri, na unaweza kurefushwa hadi mita 4 bila shida. Waya wa data ya kasi unabeba jozi kadhaa zaidi, kila moja ikiwa na ngao yake, kwa hiyo huwa mnene, mgumu kidogo, na mfupi.

Usidanganywe na wati. Wati ni habari za umeme, wala hazisemi lolote kuhusu data. Apple wanauza waya wa kuchajia wa C unaobeba wati 240, na data yake ni USB 2.0. Hata iPhone 15 Pro, simu yenye tundu la gigabiti 10, ilikuja na waya wa USB 2.0 ndani ya boksi, na anayetaka kurekodi video moja kwa moja kwenye SSD inabidi atafute waya mwingine. Iwapo bidhaa ghali kiasi hicho zina waya wa aina hiyo, ule wa kando ya barabara uliosukwa vizuri usiuhukumu kwa sura.

Kwa hiyo kati ya hizi mbili hakuna mjadala kwa diski: chukua ulioandikwa kasi ya data. Tafuta namba `5Gbps`, `10Gbps`, `20Gbps` au `40Gbps`, iwe kwenye boksi au kwenye kichwa chenyewe. Waya usiotaja kasi ya data popote uchukulie kuwa ni wa USB 2.0.

Urefu nao ni shahidi mzuri. Kwa waya wa kawaida usio na saketi ya kukuza mawimbi ndani, gigabiti 10 hufika kama mita 1, na gigabiti 5 kama mita 2. Ukikuta waya wa bei chee wa mita 3 unaodai gigabiti 10, urudishe kwenye rafu.

Waya wa A kwa C dhidi ya C kwa C. Hapa kuna mjadala wa kweli, na jibu linategemea kompyuta uliyonayo. Laptopu nyingi zilizotumika tunazonunua mitaani zina matundu ya A, yale mapana ya mstatili, mawili au matatu, na la C moja au hakuna. Waya wa A kwa C wa gigabiti 10 upo, na SSD ya gigabiti 10 itafanya kazi vilevile mradi tundu la A nalo ni la kasi hiyo. Kwa hiyo usinunue kompyuta nyingine kwa ajili ya umbo la tundu.

Uzuri wa kichwa cha A ni kwamba unaweza kukikagua kwa jicho. Kichungulie ndani kwenye mwanga. Kile cha USB 2.0 kina pini 4 bapa mbele, kwisha. Kile cha USB 3 kina zile 4 na nyuma yake nyingine 5 ndogo, jumla 9. Plastiki ya buluu ni desturi nzuri lakini si sheria. Nimeona matundu ya kasi yenye plastiki nyeusi kwenye laptopu nyingi, na nimeona waya wenye plastiki ya buluu na pini 4 tu. Hesabu pini.

Ubaya wake nao unatokana na mpangilio huohuo. Pini 4 za zamani ziko mbele, 5 mpya ziko ndani zaidi, kwa hiyo mtu anayechomeka polepole anagusanisha za mbele kwanza. Kompyuta inaiona diski kama ya USB 2.0 kabla pini za ndani hazijafika, na inaweza kubaki na uamuzi huo. Chomoa kwa utaratibu wa salama, kisha rudisha kwa msukumo mmoja wa haraka mpaka mwisho. Nimeshawahi kuona kasi ikirudi kwa hilo tu, pasipo kununua chochote.

C kwa C haina tatizo hilo, ila ina lake. Kichwa cha C kinaingia kwa pande zote mbili, na nyuzi za kasi zimepangwa seti mbili, juu na chini. Pini za upande mmoja zikiwa zimechakaa au zimeshika uchafu, au ukitumia adapta rahisi ya kugeuza C kuwa A iliyounganishwa seti moja pekee, diski itakuwa na kasi ukichomeka upande huu na itashuka hadi 40 ukiigeuza. Kwa hiyo kabla hujalaumu chochote, chomoa, zungusha kichwa, rudisha, pima tena. Kasi ikibadilika kwa kugeuza tu, tatizo ni pini, na mahali pa kuanzia ni kusafisha vumbi kwenye tundu kwa kijiti kikavu cha mbao, kompyuta ikiwa imezimwa.

Mimi mwenye kompyuta yenye matundu yote mawili ningechukua C kwa C. Mwenye laptopu ya zamani yenye A pekee achukue A kwa C moja kwa moja, asichanganye waya wa C kwa C na adapta. Kila kiungo cha ziada ni mahali pengine pa kupotezea zile nyuzi mpya.

Waya wa Thunderbolt. Wanaouliza kuhusu huu kwa kawaida wamechoka na wanataka waya mmoja wa kumaliza mambo yote. Thunderbolt 4 unaweza kufanya hivyo: unabeba gigabiti 40 na unakubali kasi za kawaida za USB zilizo chini yake, hata ukiwa wa mita 2. Ila bei yake ni kubwa, na diski ya gigabiti 10 haitazidi 10 kwa kuwekewa huo. Angalizo kubwa ni kwa kizazi kilichotangulia, Thunderbolt 3. Zile ndefu zenye saketi ndani, nyingi kati yake zinafanya kazi ya Thunderbolt vizuri kabisa, lakini ukizichomekea diski ya kawaida ya USB zinaipa USB 2.0. Waya ghali kuliko zote mezani, na matokeo yaleyale ya waya wa chaja. Ukipewa waya wa Thunderbolt uliotumika, soma namba iliyo pembeni ya alama ya radi kabla hujafurahi.

Kama diski yako ni ya kuzunguka, zile za inchi 2.5 ambazo bado ndizo nyingi maofisini, hesabu inabadilika. Sahani zake hutoa kati ya megabaiti 100 na 140 kwa sekunde ikiwa na afya. Gigabiti 5 zinaitosha na kubaki. Kununua waya wa gigabiti 10 kwa ajili yake ni kupoteza hela. Lakini kuiacha kwenye USB 2.0 ni kuinyang'anya theluthi mbili ya kasi yake.

Diski hizi zina tundu la ajabu, pana, lenye vyumba viwili: kimoja kinafanana kabisa na tundu la simu za zamani, na kingine kidogo pembeni yake. Hicho cha pembeni ndicho chenye pini za kasi. Waya ukipotea, mtu anachukua wa simu ya zamani, anauingiza kwenye chumba kile kikubwa, unaingia bila kulazimishwa, diski inawaka. Na inakwenda kwa 38. Nimewakuta wahasibu wamekaa hivyo miaka miwili, wanaamini ndiyo kasi ya diski yao. Umeme nao una sehemu yake: tundu la USB 2.0 lina wajibu wa kutoa miliampea 500, la USB 3.0 hutoa 900. Diski ya kuzunguka yenye njaa ya umeme huanza kutoa mlio wa tik-tik na kujikata yenyewe. Mlio huo ukiusikia, jaribu kwanza tundu jingine na waya mfupi kabla hujasema diski imekufa, ila ukiendelea hata baada ya hapo, hamisha data yako mara moja.

Kwa upande wa matundu, maneno machache yanatosha kwa laptopu: jaribu yote, kwa waya mmoja uliokwisha kuuthibitisha, na uweke alama kwenye lililoshinda. Watengenezaji huchanganya matundu ya kasi tofauti kwenye mashine moja. Raspberry Pi 4, kwa mfano, ina manne ya A, mawili ya buluu ya USB 3 na mawili meusi ya USB 2.0. Kwenye kompyuta ya mezani, matundu ya mbele yameunganishwa kwa waya wa ndani unaokwenda kwenye bodi, na fundi aliyeifungua mara ya mwisho huenda aliuacha bila kuurudisha au aliupeleka kwenye kiunganishi cha USB 2.0. Yale ya nyuma yako kwenye bodi yenyewe. Chomeka nyuma kwanza.

Palipo na utata zaidi ni kwenye hab, yaani vifaa vya kuongeza matundu, na kwenye skrini. Hab nyingi ndogo zina tundu moja la USB 3, na yaliyobaki ni ya USB 2.0 kwa ajili ya kipanya na kibodi, ingawa yote yanafanana. Skrini inayounganishwa kwa waya mmoja wa C ni kisa kingine kabisa. Nyuzi za kasi ndani ya waya huo ni jozi nne, na picha ya skrini nayo inazitaka. Skrini ikihitaji zote nne, kama inavyotokea mara nyingi kwa 4K ya herzi 60, data inaachiwa zile nyuzi za USB 2.0 peke yake. Diski uliyoichomeka nyuma ya skrini inashuka hadi 40, na waya ni mzuri, tundu ni zuri, kila kitu ni kizuri. Baadhi ya skrini za Dell zina chaguo kwenye menyu yake liitwalo `USB-C Prioritization`, ambapo unachagua `High Data Speed` au `High Resolution`. Ukichagua data, picha inapunguzwa: inaweza kushuka kutoka herzi 60 hadi 30. Kwa mtu anayehariri video mimi nashauri aiache picha kama ilivyo, na diski aichomeke kwenye laptopu moja kwa moja. Kuhariri kwenye skrini ya herzi 30 kunachosha macho bila sababu.

Basi ni lini diski yenyewe ibadilishwe? Ukishaona `5000M` au `10000M` kwenye kipimo, na kasi bado iko chini sana au inaanguka baada ya dakika chache, hapo tatizo limehamia kwenye diski. Na ukienda kununua, angalia tundu lako kabla ya kuangalia boksi. SSD za gigabiti 20 zinauzwa kwa megabaiti 2000 kwa sekunde, lakini zinahitaji tundu la C la aina ya `USB 3.2 Gen 2x2`, na kompyuta nyingi hazina. Zikikosa hilo hushuka hadi gigabiti 10. Umelipa mara mbili kupata kilekile. Majina pia yatakuchanganya, kwa sababu USB 3.0, `USB 3.1 Gen 1` na `USB 3.2 Gen 1` ni kitu kimoja, gigabiti 5. Puuza jina, soma gigabiti.

Dada yetu shida yake ilikuwa ndogo: waya wa boksi haufiki mezani pake. Tulikwenda Kariakoo pamoja, na diski na laptopu ndani ya begi. Muuzaji akatuwekea nyaya tatu mezani. "Hizi zote fasti, dada yangu, zinapeleka wati mia." Nikamwomba kwa heshima atuachie tuzipime pale kaunta, faili moja la gigabaiti 5. Wa kwanza, 40. Wa pili, 40. Wa tatu ulikuwa wa mita 1, mgumu kukunja, umeandikwa `10Gbps` kwenye kichwa kwa maandishi madogo kiasi cha kuhitaji mwanga wa simu. Faili likaisha kabla sijamaliza kusoma namba: 930. Huo ndio uliokuwa na boksi baya kuliko zote. Akalipa, akafunga uzi mwekundu karibu na kichwa ili usichanganywe na wa chaja nyumbani, na ule wa kusukwa akaurudisha kwenye kazi yake ya kuchaji simu.